"Mwenyewe yuko wapi?"

*Salaam aleikum Shangazi. Mimi ni msichana wa miaka 26, nakaa Kisauni, kazi yangu ni kuchora hina na piko. Wateja nawapata kwa picha ninazoweka mtandaoni, na huu mwaka wa tatu sijaweka picha ya uso wangu bila filta. Mwezi uliopita nilikwenda kumchora bibi harusi Nyali. Mamake alifungua mlango, akanitazama mimi na mkoba wangu, akauliza: "Mwenyewe yuko wapi?" Pale nilicheka, lakini nyumbani nililia. Nikatoa filta, nikajipiga picha. Pua imejaa uso, rangi imepauka kama majivu, na mwanya wangu ambao nilikuwa nimeshausahau umerudi. Kwenye kioo mbona siko hivyo? Kutengeneza picha siwezi kuacha, maana ndiyo biashara. Nataka kujua nitaitengenezaje kidogo tu, nibaki mimi. Nimekutumia mbili, yenye filta na isiyo nayo.*

*Mchora Hina, Kisauni*

Waalaikum salaam mwanangu.

Picha zako nimezifungua kwenye skrini kubwa ya dukani, nikazitazama kwa muda. Nianze na ile unayoiogopa, isiyo na filta, kwa sababu hiyo nayo inakudanganya. Miaka mitatu umekuwa ukitumia filta kurekebisha kosa, na kosa lenyewe si la uso wako. Ni la mkono wako.

Kwenye picha hiyo bega la kulia limepanda na kiwiko kimekunjwa. Kwa kukadiria, simu ilikuwa sentimita 30 hivi kutoka ncha ya pua. Masikio yako yako nyuma ya ncha ya pua kwa sentimita 12 hivi, kwa hiyo kutoka kwenye simu hadi masikioni ni 42. Kamera haina huruma katika jambo hili: kilicho karibu hukikuza, kilicho mbali hukipunguza, kwa kadiri ya umbali. Gawa 42 kwa 30, unapata 1.4. Maana yake pua imekuzwa mara 1.4 ukiilinganisha na masikio. Sasa mtu akikaa kuzungumza nawe sebuleni, yuko kama mita moja na nusu. Gawa 162 kwa 150, unapata 1.08, yaani karibu sawa kwa sawa. Tofauti baina ya hesabu hizo mbili ni kama asilimia 30. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji huko Marekani walipiga hesabu ya namna hii, kwa sababu walichoshwa na watu wanaokuja na selfi mkononi kutaka kupunguzwa pua, nao wakapata asilimia hiyo hiyo, 30 hivi.

Kwa hiyo pua uliyoiona haipo. Hakuna mtu Mombasa nzima anayekuona kwa umbali huo isipokuwa mtoto uliyempakata na daktari wa meno. Wengi hulaumu lenzi ya simu kwamba ni pana. Lenzi pana inakuruhusu tu usogee karibu na bado uso uenee. Kinachovuta pua ni umbali. Filta nyingi za urembo nazo hubana pua. Wanaozitengeneza wanajua utajipiga kwa karibu. Ila wao hawasogezi simu nyuma, wanakata pua, na wakishaizoea kazi hiyo wanakata hata pale pasipostahili.

Umeuliza mbona kwenye kioo huko hivyo. Kwanza, kioo hukitazami kwa sentimita 30, na hata ukikisogelea, sura iliyomo iko mara mbili ya umbali huo, kwa sababu mwanga huenda na kurudi. Pili, kioo kinakugeuza kushoto kulia, na hakuna uso uliolingana pande zote. Wewe nyusi ya kushoto imepanda kidogo kuliko ya kulia, na kidoti chako kiko upande mmoja. Miaka 26 umekiona upande ule wa kioo. Picha ikikigeuza, unahisi kuna kitu kimeharibika na hujui ni nini. Mwaka 1977 watafiti walijaribu jambo hili. Waliwaonyesha watu picha zao, moja kama ilivyo na nyingine iliyogeuzwa kama kioo. Wenyewe walipenda zaidi ile ya kioo, marafiki zao wakapenda ile ya kawaida. Kila mtu alipenda sura aliyoizoea.

Na la mazoea ndilo lililokuponza. Macho hujipima upya kwa kile yanachokitazama sana. Wanasaikolojia wanaweza kukuonyesha hili ukiwa umekaa kitini: ukitazama kwa dakika chache tu nyuso zilizobanwa ubavuni, kisha ukaletewa uso wa kawaida, huo wa kawaida utauona umepanuka. Hizo ni dakika chache. Wewe una miaka mitatu, na si kutazama uso wa mtu mwingine, ni wako mwenyewe, unaokonyeza na kucheka unapocheka. Filta ya papo kwa papo ina ubaya huo kuliko picha iliyohaririwa baadaye: inageuka kioo. Siku ulipoitoa, ulichokiona kilikuwa pua iliyovutwa na umbali, ikatazamwa na macho yaliyokwisha kuzoea pua iliyobanwa. Makosa mawili yakapandana. Ungelia hata kama ungekuwa nani.

Tuje kwenye majivu. Ulikuwa umevaa buibui jeusi na mtandio mweusi, na nguo ile imejaza zaidi ya nusu ya picha. Kamera haijui buibui. Inapima mwanga wa picha nzima na kutaka wastani wake uwe wa kijivu cha katikati. Ikikuta weusi mwingi inadhani pana giza, basi inaongeza mwanga, na uso ndio unaolipa. Ngozi yako ya maji ya kunde ikaoshwa hadi ikapauka. Mwanamume mwenye kanzu nyeupe hupatwa na kinyume chake: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza, uso unakuwa giza. Nimepiga picha za kupamba tangu enzi za filamu, roli moja picha 36, ukumbini wanawake watupu na simu zimeachwa mlangoni, na nakwambia kosa la buibui ni la zamani kuliko simu. Juu ya hayo, ulisimama kivulini mchana, na kivuli cha mchana kina ubuluu wa anga. Ngozi ya hudhurungi ikipigwa na mwanga wa bluu, wekundu wake unafifia. Kinachobaki ndiyo hayo majivu.

Sasa ile yenye filta. Nataka uifungue uitazame pamoja nami, kwa sababu ukishajua pa kuangalia hutaweza tena kutoona. Nyuma yako kuna leso imeanikwa kwenye kamba, na jina lake linasomeka: *Wema hauozi*. Angalia neno la pili, pale linapopita karibu na taya yako. Herufi ya H imelala, na U imebonyea kuelekea shavuni. Filta ilipovuta taya lako ndani ilivuta na leso. Kisha kipini chako: kwenye picha isiyo na filta ni kitone kidogo cha dhahabu chenye jiwe, kwenye yenye filta ni doa la manjano lisilo na umbo. Mwanya hakuna, umepakwa weupe, meno ya mbele yamekuwa ubao mmoja. Mwanya, mwanangu! Washairi wa pwani hii wameusifia karne na karne, halafu programu ya simu inauziba kama nyufa za ukuta.

Lakini kilichonisikitisha zaidi kama mtu wa kazi ni mkono. Umeweka kiganja shavuni, hina inaonekana, ndiyo bidhaa yako. Vidole viwili vilivyogusa uso filta imevidhania ni uso, ikavilainisha. Vile vikonyo vyembamba vya ua ulivyochora vimeyeyuka. Vidole vitatu vilivyo mbali na uso viko wazi, hata vinyweleo vinaonekana. Hiki ndicho kipimo changu cha haraka, na wewe kitumie kwa picha ya mtu yeyote: linganisha ngozi ya uso na ngozi ya mkono katika picha hiyo hiyo. Mwanga ni mmoja, mtu ni mmoja. Uso ukiwa kama sahani ya kauri na mkono una vinyweleo na mikunjo, kuna kitu kimepita usoni.

Kipimo hicho kianzie kwenye simu yako yenyewe. Simu nyingi zinazouzwa hapa kwetu hutoka dukani kamera ya mbele ikiwa tayari inalainisha, bila wewe kuchagua filta yoyote. Fungua kamera, tafuta alama ya uso au palipoandikwa `Beauty`, peleka vyote hadi `0`. Kisha jipige, kiganja kikiwa kando ya shavu, mahali penye mwanga mzuri. Usijaribu usiku chumbani: kwenye mwanga hafifu simu hufuta chembechembe za picha, na vinyweleo vinakwenda nazo, utadhani ni filta kumbe ni giza.

Baada ya hapo, picha mpya. Theluthi mbili za kazi ya kuhariri huishia hapa, kabla hujagusa kitu.

Tumia kamera ya nyuma. Iegemeze simu dirishani au juu ya kitu, kwa urefu wa macho yako, usimame hatua mbili kubwa kutoka hapo, mita moja na nusu. Washa `2x` ili uso ujae bila wewe kusogea. Picha itapoteza ukali kidogo kwenye simu za bei ya chini, na hilo si neno. Weka saa ya sekunde 10. Kamera ya nyuma ina faida nyingine niliyoigundua kwa wateja wangu: hujioni. Mtu asiyejiona hakazi midomo wala hainui kidevu kutafuta ile sura ya filta.

Mwanga utafute mlangoni. Simama ndani ya nyumba, hatua moja kutoka kizingitini, uso ukielekea nje, na nje pawe na ukuta mweupe au mchanga unaorudisha mwanga. Ukuta wa kijani au mabati ya bluu yatakupaka rangi yao. Epuka saa sita mchana nje, jua letu liko utosini na macho yanakuwa mashimo. Saa kumi na moja jioni ni nzuri. Futa jasho la paji la uso kwa kitambaa, maana mng'ao wa jasho ukishaungua kwenye picha haurudi, hapana programu ya kurudisha rangi ambayo kamera haikuichukua.

Kisha dawa ya buibui. Kwa kuwa utakuwa mbele ya simu na skrini huifikii, muweke mdogo wako au hata kiti penye nafasi yako, gusa skrini mahali uso utakapokuwa, ushikilie kidole hadi mwanga ujifunge, kisha telezesha alama ya jua chini kidogo. Kidogo, hadi paji la uso liache kung'aa kama bati. Uso ukitoka giza kidogo, hilo tutalitengeneza. Uso ulioungua hautengenezeki.

Programu niliyoitumia kwa picha yako ni `Snapseed`, ni ya bure. Mpangilio wake hubadilika kidogo simu hadi simu, lakini majina niliyoyakuta ni haya. Nimeifanyia kazi ile picha yako isiyo na filta kwa kadiri ilivyowezekana, na nikwambie nilichofanya kwa utaratibu wake.

Nilianza na rangi. Ndani ya `Tune Image` nilipandisha `Warmth` hadi `+14`, nikitazama sehemu nyeupe ya leso na weupe wa macho. Hivyo ndivyo vinavyokuambia usimame. Nilipofika `+25` ngozi ilipendeza sana lakini leso iligeuka rangi ya maziwa yaliyolala, nikarudi. Usijipime kwa ngozi peke yake, ngozi itakupokea joto lolote, itakubali hata uwe chungwa. Hapo hapo nilishusha `Highlights` hadi `-20`, paji la uso na ncha ya pua vikapoa, na nikapandisha `Shadows` kidogo ili mikunjo ya buibui ionekane. `Brightness` sikuigusa. Wengi wetu ndiyo tunayoikimbilia kwanza, na kwa ngozi yetu ndiyo inayotuosha.

Halafu macho. Una kivuli chini ya macho, kama kila mtu anayekesha na maharusi. Sikukifuta. Nilichukua `Selective`, nikaweka kitone kimoja chini ya kila jicho, nikabana kwa vidole viwili ili eneo liwe dogo, nikaongeza mwanga `+12`. Kivuli kipo bado, kimepungua tu, kama vile umelala. Ukikifuta kabisa, jicho linaelea usoni kama limebandikwa, na hapo ndipo picha inapoanza kunuka filta hata kwa mtu asiyejua kwa nini.

Mwisho `Healing`. Nilikuza picha, nikagusa chunusi mbili kidevuni na ile ya karibu na sikio, mguso mmoja mmoja. Basi. Kidoti sikukigusa, mwanya sikuugusa, na ile alama ndogo ya kuungua kwenye kifundo cha mkono nimeiacha.

Kanuni yangu hapa ni ya wiki mbili. Kitakachokuwa kimeondoka usoni baada ya wiki mbili, kama chunusi, mdomo uliopasuka, alama ya kuumwa na mbu, waweza kukiondoa leo. Kitakachokuwepo, kiache. Waweza kukipunguzia mwanga au kivuli, lakini kiwepo. Kanuni hii niliilipia. Zamani kidogo mama mmoja aliniomba nimlainishie bintiye kwenye albamu ya harusi, nami nikafuta kovu linalopita katikati ya nyusi. Picha 60, nyusi nzima kila mahali. Albamu ilirudi wiki ile ile, na bibi harusi hakutaka fedha. Alitaka nyusi yake. Kovu lile alilipata akianguka mwembeni akiwa na miaka saba, na kwenye albamu nzima, aliniambia, alikuwa amekaa mtu mwingine na mumewe. Nilichapisha upya kwa gharama yangu.

Kazi yote hiyo kwa picha yako ilinichukua dakika saba. Ukiona unakwenda dakika ya ishirini, umeshaacha kutengeneza picha, unajitengeneza wewe. Hifadhi kama nakala, ile ya asili usiifute. Kisha usiiweke popote hadi kesho yake. Asubuhi bonyeza picha na ushikilie kidole, `Snapseed` itakuonyesha ilivyokuwa kabla, achia, irudi. Macho yaliyolala yanahukumu vizuri. Mara nyingi utapunguza, na ukitaka kupunguza hatua moja tu ingia `View edits`, huhitaji kuanza upya.

Pua yako kwenye picha hiyo sikuweza kuisaidia. Umbali ukishaingia hautoki kwa uaminifu. Ningeibana ningefanya yale yale ya filta. Kwa pua, piga upya.

Kuhusu macho yako wewe, yale yaliyozoea, kuna jambo moja ninaloliamini: yale yale yaliyoyapotosha yatayarudisha. Kwa wiki mbili usifungue filta ya papo kwa papo hata kwa mzaha, hata kwenye simu ya rafiki, na kama una mikutano ya video angalia kule nako kama kuna ulainishaji umewashwa. Picha ya zamani yenye filta itoe kwenye wasifu wako, kwa sababu hiyo unaiona kila ukiandika ujumbe. Weka hii mpya. Siku tatu za kwanza utajiona mgeni. Usizikuze picha zako kwa vidole kutafuta vinyweleo vya pua; zitazame kwa ukubwa wa skrini, mkono ukiwa umenyooka, kama wateja wanavyoziona.

Nikuulize na hili, nawe ujijibu mwenyewe. Je, fikra za pua hiyo zinakuchukua saa nzima au zaidi kwa siku? Umeanza kukataa kwenda kazini au harusini kwa ajili yake? Unajitazama kila penye kioo, au unavikimbia vioo kabisa? Kama ni ndiyo, mambo yametoka kwenye picha. Kuna ugonjwa wa namna hiyo, unatambuliwa na madaktari wa afya ya akili, na unatibika, mara nyingi kwa mazungumzo na mtaalamu na wakati mwingine kwa dawa. Picha nzuri haiutibu, na daktari wa kupunguza pua hautibu vilevile. Mtu hutoka pale akahamia kidevuni. Kwa barua yako sidhani umefika huko. Uliogopeshwa na sentimita 30.

La biashara nitakwambia kama mfanyabiashara mwenzako. Mteja wa hina hakununui uso, lakini anataka kujua ni nani atakayeingia chumbani kwa bintiye. Kwa hiyo picha ya uso iwe moja, ya ukweli, ukiwa na koni mkononi, mwanya nje. Nyingine zote ziwe mikono. Kwenye mikono usitumie filta wala kulainisha chochote, na hapo ndipo mstari mwembamba utakapokuuzia. Ongeza `Structure` kidogo, `+15`, mistari ya hina inasimama. Kwenye uso usiiguse, inachimba vinyweleo. Rangi ya hina nayo usiikoleze. Picha ya hina iliyobanduliwa usiku huo huo itakuwa chungwa, ya kesho kutwa itakuwa kahawia iliyoiva. Piga hiyo ya pili, usimdanganye bibi harusi kwa `Saturation`, au utafunguliwa mlango mwingine uulizwe hina yenyewe iko wapi.

Picha yako niliyoihariri nimekurudishia pamoja na ile ya asili. Begani kwenye buibui kuna kinyuzi cheupe, nimekiacha makusudi, kitoe mwenyewe kwa `Healing` upate mkono. Ukishapiga mpya mlangoni, nitumie zote mbili, kabla na baada. Na ile leso iache pale pale kwenye kamba nyuma yako, nitaisoma.

Shangazi